Miligramu 25 zilizobaki kwenye kichupa

Daktari ameandika pethidini miligramu 75. Kichupa kimoja kina miligramu 100 katika mililita 2, kwa hiyo muuguzi anavuta mililita moja na nusu, na nusu mililita inabaki. Hicho kidogo ndicho kinachoponyokea mifukoni mwa watu.

Ndiyo maana shahidi huitwa kabla dawa haijavutwa, si baada ya kumwagwa. Aone kichupa kikivunjwa, kipimo kikivutwa na salio likiharibiwa, ndipo atie sahihi. Anayesaini asubuhi kwa jambo la usiku ameshuhudia maneno tu. Rejista huandikwa: kichupa 1, mgonjwa 75, kilichoharibiwa 25, salio vichupa 17.

Salio hilo lilinganishwe na vichupa vilivyomo kabatini papo hapo.

Mwisho wa mwezi watu wawili wanahesabu upya. Tuseme mwezi ulianza na vichupa 20, vikapokelewa 10, vikatumika 13. Kabatini panatakiwa 17, lakini wanakuta 16. Wanapitia mafaili ya wagonjwa, mstari kwa mstari, mpaka wanakuta sindano ya usiku iliyoandikwa kwenye faili, haikuingizwa kwenye rejista.

Hapo hakuna kufuta wala kupaka wino mweupe. Unaandikwa mstari mpya wenye tarehe ya leo, maelezo na sahihi mbili. Faili lisingeonyesha kitu, taarifa ingekwenda kwa mfamasia msimamizi siku hiyohiyo.