Jina libaki kabatini, namba iende kazini

Ndugu wanamemba, tukipita katika mashamba ya ndizi kuhesabu mashina yenye kunyauka, ulizo moja linarudi kila fasi: «Jina langu litafika wapi?» Ni ulizo la haki. Mutu akijulikana kwamba shamba lake liko na ugonjwa, majirani hawanunui tena miche kwake, hata kama alikwisha kukata mashina yote mabaya.

Njo maana jina halikai pamoja na hesabu. Mwanzoni tulikosea. Tulipatia wakulima 60 namba kufuata orodha ya mkutano: wa kwanza 1, wa pili 2. Lakini orodha ile ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta! Mwenye kuweka karatasi mbili kando kwa kando alijua kila kitu.

Sasa tunafanya hivi. Tunaandika namba 101 mpaka 160 kwenye vikaratasi, tunavichanganya ndani ya kikapu, na mtunza ufunguo anavitoa peke yake, kimoja kwa kila jina. Anaandika jina, simu na namba ndani ya daftari moja tu. Daftari hilo linafungiwa kabatini, na sisi wenye kupima hatuna funguo ya kabati. Kwenye kompyuta yetu kunabaki namba na hesabu tu. Daftari halipigwi picha kwa simu, wala majina hayawekwi kwenye flashi moja na hesabu.

Kwa nini tusichome daftari mara moja? Msimu uliopita, mustari wa 147 ulionyesha mashina 80, yenye ugonjwa 90. Haiwezekani. Tulimwambia mtunza ufunguo, akatafuta jina, akapiga simu: yalikuwa 9. Alituletea jibu bila kututajia mutu. Ufunguo unasaidia pia kurudi katika shamba lilelile msimu unaofuata, kuona kama ugonjwa unapunguka.

Lakini kuondoa jina peke yake haitoshi. Mustari mmoja ulisema: mama mjane, hekta 3, karibu na daraja. Katika kijijini hapo mama wa namna hiyo ni mmoja tu. Hata mtoto angemtambua. Tukafuta daraja na ujane, na ukubwa wa shamba tukaandika tu «zaidi ya hekta 1», kundi lenye wakulima wengi. Alama za jipiesi tulizitoa pia, kwa maana zinakufikisha mpaka kwenye mlango. Kisha tunamuonyesha mwenyeji mmoja, memba wa timu yetu, mistari kumi, abahatishe ni ya nani. Akipata hata mmoja, tunarudia kazi.

Kumbukeni: daftari likiwa bado kabatini, jina limefichwa, halijafutwa. Kisha ziara ya mwisho, mtunza ufunguo atalichoma mbele ya komite. Mwenye kutaka kuondoa hesabu zake amwendee yeye mbele ya siku hiyo. Kisha hapo, hata sisi hatutaweza tena kujua mustari wake ni upi.