Dagaa Wanapotoka Chunguni: Kuwakinga na Nzi na Kunguru

Katika madiko mengi ya Unguja, dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Maji yanayotokota huua sehemu kubwa ya vimelea, hivyo dagaa anapotoka chunguni huwa safi kuliko atakavyokuwa tena mpaka afike jikoni kwa mlaji. Uchafu anaoupata baada ya hapo huupata juani, na waletaji wakuu wa uchafu huo ni wawili: nzi na kunguru. Kila mmoja ana njia yake, na kinga inayomzuia mmoja huenda isimzuie mwingine.

Nzi huvutwa na unyevu. Saa chache za mwanzo, dagaa akiwa bado anang'aa kwa maji, ndizo za hatari zaidi. Nzi hutapika juu ya chakula ili kukilainisha, na miguuni hubeba vimelea vya kuhara kutoka chooni na jalalani. Nzi wa kijani hutaga mayai kwenye mashavu ya samaki, na mayai hayo huweza kuwa funza kabla ya siku moja kupita. Dagaa akishakauka juu, nzi humpunguzia hamu.

Kunguru hangoji unyevu. Ndege huyu, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka, hutua juani wakati wowote. Hasara inayoonekana ni dagaa walioibwa. Isiyoonekana ni kinyesi na miguu iliyotoka kukanyaga jalala.

Tuchukue mfano wa mama anayeanika ndoo moja ya dagaa. Badala ya kuwatandaza mchangani, anajenga kichanja chenye kimo cha kiuno, yapata mita moja, ili kuku, mbwa na mchanga visifike. Juu anatandika wavu mgumu unaopitisha hewa, kisha anawapanga dagaa safu moja tu. Hewa inayopita chini na juu huwakausha upesi, na kwa hiyo hufupisha zile saa za hatari.

Kifuniko ndicho wengi hukikosea. Wavu ukilazwa juu ya dagaa, nzi hutua juu yake na kutaga kupitia matundu. Basi mama huyu anatengeneza fremu ya mbao kama kifuniko cha sanduku, anaivika wavu wa madirishani uliovutwa ukakaza, na kuuacha wavu huo sentimita 20 hadi 30 juu ya dagaa. Kingo zinashuka mpaka kwenye kichanja bila kuacha mwanya, na upande wa chini nao unazungushiwa wavu uleule, kwa kuwa nzi huingia hata kwa kutokea chini. Karatasi ya nailoni haifai, kwani hufungia mvuke na kuozesha samaki. Chandarua chenye dawa ya mbu nacho hakifai, kwa sababu dawa yake haikukusudiwa kugusa chakula.

Wavu huo peke yake haumshindi kunguru. Akitua juu yake huubonyeza, huuchana kwa mdomo, na kinyesi chake hupenya matunduni. Dawa yake ni nyavu kuukuu za kuvulia, zilizotundikwa juu ya miti na kukazwa, kiasi cha hatua moja juu ya kifuniko, ili asipate pa kutua. Sanamu ya mtu humtisha siku chache tu, kisha huizoea. La muhimu pia ni kufukia mabaki ya samaki mbali na kichanja, maana ndiyo yanayomwita kwanza.

Kugeuza kunafanywa kwa kufunua upande mmoja kwa wakati. Jioni dagaa huingizwa ndani ili umande usiwarudishie unyevu. Aliyekauka vizuri huvunjika akikunjwa.

Kasoro huonekana kwa macho. Vijipunje vyeupe vilivyoshikana mashavuni ni mayai ya nzi, na dagaa hao hutupwa. Kuwapulizia dawa ya wadudu ili kuficha tatizo ni kuongeza sumu: kupika hakuiondoi kwa uhakika. Mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa mwenye kutapika, kutokwa mate na jasho jingi na mboni zilizosinyaa baada ya kula samaki wakavu, afikirie sumu hiyo na kumpeleka hospitali bila kukawia. Mwenye kuhara aulizwe chakula chake kilikaushwa wapi na kilifunikwa kwa nini.

Hata kichanja kizuri kina mpaka wake. Jua hukausha, lakini haliui vimelea vyote, na siku za masika huenda dagaa wakaharibika kabla ya kukauka. Kwa hiyo mlaji awaoshe dagaa na kuwapika mpaka watokote, hata kama anamfahamu aliyewaanika.