Rangi ya asali kwenye picha na nywele zenye piko: barua ya mwenye saluni kwa mteja



Ile picha niliyokutengenezea kwenye simu, ukiwa na nywele za rangi ya asali, inatuonyesha jambo moja vizuri: rangi hiyo inaipendeza ngozi yako. Kama nywele zako zitaifikia, hilo picha haijui, na kabla hujalipa chochote nataka tuelewane.

Simu imepaka rangi juu ya picha tu. Nywele zako ni nyeusi kwa sababu zimejaa melanini, na rangi ya asali ikipakwa juu ya weusi haionekani. Lazima kwanza niivunje melanini hiyo kwa blichi iliyochanganywa na haidrojeni peroksidi. Weusi hautoki kwa mkupuo mmoja. Nywele huwa kahawia yenye wekundu, kisha za rangi ya chungwa, kisha njano. Asali uliyoichagua iko pale chungwa inapoanza kugeuka njano.

Tatizo kubwa kwako ni piko. Rangi yake si melanini. Huingia ndani ya unywele ikajiunga humo, na blichi huitoa kwa shida, tena kwa mabaka. Nilipozichambua nywele zako niliona mizizi mipya isiyo na piko, kama upana wa vidole viwili. Hiyo itapauka haraka, maana hata joto la kichwa huisaidia blichi. Kutoka hapo hadi nchani huenda pakagomea kwenye wekundu. Picha ilipaka kote sawasawa, lakini kichwani ungetoka na rangi mbili.

Ningeweza kupandisha peroksidi kutoka asilimia 6 hadi 12, ila nywele zako zina dawa ya kulainisha. Dawa hiyo imeshavunja sehemu ya viungo vinavyoupa unywele nguvu, na blichi huvunja vingine. Nywele za namna hiyo hukatikia mkononi wakati wa kuosha. Hilo sitalifanya hata ukinisihi.

Kwa hiyo njoo kwanza tupime. Nitapaka blichi ya asilimia 6 kwenye shungu dogo nyuma ya sikio, niwe nalichungulia kila baada ya dakika tano. Nikishaliosha, nitalivuta likiwa bado limelowa. Likinyumbuka kidogo na kurudi, tunaendelea. Likivutika lisirudi, au likikatika, tunaacha.

Siku hiyo nitakupaka pia tone la rangi ndani ya kiwiko. Piko na rangi nyingi za kudumu huwa na kemikali iitwayo PPD, na mzio wake unaweza kumzukia hata mtu aliyeitumia miaka mingi. Paangalie kwa saa 48. Pakiwasha au kuvimba, osha kisha unipigie. Ukivimba uso au ukapumua kwa shida, kimbilia hospitali.

Shungu likishindwa, nitakushonea wigi la rangi hiyohiyo huku nywele zako zikikua. Kwa sasa usiongeze piko wala dawa.