Fremu ikiungua, nani anamlipa mwenye nyumba?

Tuchukue mfano. Fundi cherehani amepanga fremu. Jioni anafunga na kuondoka, pasi ya umeme ameiacha imewaka. Moto unateketeza vitambaa vya shilingi milioni 3 na paa la milioni 5. Fundi ana bima ya bidhaa. Je, itajenga paa?

Haitajenga. Bima hiyo inalipa vitambaa tu. Paa linabaki deni lake.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe jengo kama alivyolikuta, lakini haimdai uharibifu wa moto usiotokana na uzembe wake au wa wafanyakazi wake. Kuacha pasi imewaka ni uzembe. Moto ungeanzia kwenye nyaya mbovu za mwenye nyumba, hesabu ingekuwa nyingine. Ndiyo maana ripoti ya zimamoto kuhusu chanzo cha moto ina uzito.

Sasa tazama mkataba wako. Ukikuta "mpangaji atakata bima ya moto", uliza kabla ya kusaini: bima ya bidhaa, au ya jengo? Kama ni ya jengo na hukukata, umevunja mkataba.

Wala usitegemee bima ya mwenye nyumba. Kampuni ikishamlipa, inaweza kukugeukia wewe uliyezembea ikudai fedha zake. Mwombe jina lako liingizwe kwenye bima yake, au ukate bima inayolipa madai ya mwenye nyumba dhidi yako.