Kisangani: Surua ikimpata mwanafunzi, siku zahesabiwa tangu vipele kutokea

Mjini Kisangani, mtoto akikosa shule, mara nyingi mzazi humtuma ndugu yake darasani aseme tu: «Ana homa.» Kwa malaria, hiyo yatosha. Lakini kama ni surua, yaani rujole, neno hilo laficha hatari.

Surua hupita kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya. Mtoto anaanza kuambukiza wengine siku 4 mbele ya vipele kutokea, anaendelea hadi siku 4 baadaye. Kwa hiyo hesabu haianzie kwenye homa, wala siku aliyopelekwa kwa muuguzi. Yaanzia siku vipele vilipoonekana mara ya kwanza, kwa kawaida usoni na nyuma ya masikio.

Tuseme mtoto wa darasa la tatu, komini ya Mangobo, alipata homa, kikohozi na macho mekundu siku ya Ijumaa, na vipele vikatokea Jumatatu. Jumatatu hiyo ni siku ya sifuri. Siku ya 4 ni Ijumaa. Akiwa amepata nafuu, anaweza kurudi darasani Jumatatu inayofuata. Lakini Alhamisi na Ijumaa zilizotangulia vipele alikuwa tayari anaambukiza, naye aliketi na wenzake kwenye benchi moja.

Ndiyo maana shule inapaswa kujua upesi. Mtoto ambaye hajachanjwa anaweza bado kukingwa akipata chanjo ndani ya saa 72 tangu kukutana na mgonjwa. Barua fupi yatosha:

«Mama Direkta, mtoto wangu wa darasa la tatu A hatakuja shuleni. Vipele vilitokea Jumatatu, na kituo cha afya kinashuku surua. Naomba kujua: anaweza kurudi siku gani, na je, mnahitaji karatasi ya muuguzi? Mdogo wake wa darasa la kwanza hana dalili, aendelee kuja?»

Swali la mwisho lina uzito. Mdogo wake akiwa hajachanjwa, vipele vyaweza kutokea kwake wiki mbili hivi baada ya kuambukizwa. Muuguzi ndiye wa kuamua.

Tatizo ni kwamba si kila kipele ni surua. Vipele vya mpox huwa vigumu, hujaa usaha, na hutokea hata kwenye viganja na nyayo. Hapo hakuna hesabu ya siku 4: mtoto anabaki nyumbani hadi magamba yote yaanguke na ngozi mpya iote, mara nyingi wiki 2 hadi 4. Mzazi anayekisia ugonjwa peke yake anaweza kumrudisha mapema mno.

Surua iliyoenea Kongo mwaka 2019 na 2020 iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto.