Slaidi ya Hesabu ya Mchicha

Muuzaji wa vifungashio anapomfikia mnunuzi wa supamaketi, mara nyingi slaidi zake za kwanza husifu kiwanda. Mnunuzi hana haja nazo. Anataka kujua rafu itamwachia nini.

Chukua mfuko wa mchicha wenye vitundu vidogo. Majani huendelea kupumua hata baada ya kuvunwa. Mfuko usiopitisha hewa hukusanya matone na mchicha huoza. Vitundu vikizidi, hunyauka. Picha mbili za siku ya tatu, mfuko wa zamani na mpya, zilizokaa rafu moja, zinatosha kueleza hayo.

Kisha ije slaidi ya hesabu, na hapa ndipo pa kukaa. Tuseme duka hununua mafungu 100 kwa shilingi 20 kila moja, huuza kwa 35, na 20 hutupwa. Faida ni shilingi 800. Mfuko mpya unaongeza shilingi 3 kwa fungu, yaani 300 kwa jumla. Yakitupwa 8 tu, faida hufika 920.

Muuzaji mkweli huonyesha na mpaka wake: mfuko ukiokoa mafungu 8, mauzo yanaongezeka kwa 280 tu, na duka linapoteza. Lazima yaokolewe angalau 9.

Slaidi ya mwisho iombe jaribio la wiki chache katika maduka mawili, mafungu yaliyotupwa yakihesabiwa kila jioni na wafanyakazi wa duka lenyewe.