Blogu ndogo itajipatiaje fedha bila kupoteza imani ya wasomaji?

Blogu yenye wasomaji elfu chache kwa mwezi inaweza kumwingizia mwenyewe fedha, lakini mara nyingi fedha hizo hazitoki mahali anapozitazamia kwanza.

Matangazo yanayoletwa na kampuni kubwa za mtandao humlipa kidogo. Makala za kulipiwa humlipa zaidi, ila ndizo zinazoweza kumharibia jina kwa siku moja. Kijitabu alichokiandika mwenyewe na kukiuza kwa wasomaji wake kinaweza kuyashinda yote mawili, iwapo kinajibu swali ambalo wasomaji wanalo kweli.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna blogu ya Kiswahili inayoeleza ufugaji wa kuku wa kienyeji. Ina umri wa miaka mitatu na makala zipatazo mia moja. Kurasa zake hufunguliwa mara 10,000 kwa mwezi na watu wapatao 4,000. Wengi wao wako Tanzania na Kenya. Wachache wako Maskati, Manchester na Minneapolis, nao hutuma fedha nyumbani ili ndugu zao wajenge mabanda.

Msomaji wa blogu ya namna hii hasomi kwa kujiburudisha. Akishauriwa vibaya, vifaranga wake watakufa, na pamoja nao fedha ambazo pengine alizidunduliza kwa mwaka mzima.

Hesabu ya matangazo

Njia ambayo wengi huianza ni Google AdSense, mpango uliozinduliwa mwaka 2003. Mwenye blogu hubandika msimbo mfupi katika kurasa zake, na Google huyachagua na kuyaweka matangazo yenyewe. Tangu mapema mwaka 2024, malipo huhesabiwa hasa kwa idadi ya mara tangazo linapoonekana, si kwa mara linapobofywa kama ilivyokuwa awali.

Kiwango cha malipo hutegemea sana mahali alipo msomaji. Anayefungua ukurasa akiwa Uingereza au Marekani kwa kawaida huleta fedha zaidi kuliko aliyeko Dodoma, kwa kuwa watangazaji wa huko hushindana kwa bei kubwa zaidi.

Tuseme blogu yetu hupata wastani wa senti 80 za dola kwa kila kurasa 1,000 zinazofunguliwa. Kwa kurasa 10,000 hiyo ni dola 8 kwa mwezi. Google hailipi mpaka salio lifike dola 100, kwa hiyo mwenye blogu atasubiri zaidi ya miezi 13 kabla ya kupokea malipo ya kwanza.

Kabla ya hapo, salio likifika dola 10, hutumiwa barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani yake. Aliyejiandikisha kwa jina la mtaa tu, bila sanduku la posta linalofanya kazi, aghalabu huisubiri barua hiyo bila mafanikio.

Kutokana na dola 8 huzaliwa kishawishi cha kuongeza matangazo: juu, katikati, chini, na jingine linalofunika ukurasa mzima. Hapo msomaji huanza kulipa. Kila tangazo hula sehemu ya bando lake, na ukurasa uliokuwa ukifunguka mara moja kwenye simu ya bei nafuu sasa humsubirisha.

Jambo la pili halionekani kwa urahisi. Tangazo analoliona mwenye blogu silo analoliona msomaji, kwa sababu Google humchagulia kila mtu lake. Chini ya makala kuhusu gharama za kuanza na vifaranga mia moja, mwenye blogu huenda akaona tangazo la vyakula vya mifugo. Msomaji wake naye akaona tangazo la mikopo ya haraka au la mbinu za kutajirika kwa wiki moja, na atadhani kwamba mwenye blogu ndiye aliyelileta.

Ndani ya akaunti ya AdSense kuna ukurasa uitwao Blocking controls, ambamo mwenye blogu anaweza kuzuia aina nzima za matangazo. Afadhali ufunguliwe siku ya kwanza, kabla ya malalamiko. Tena, kwa wasomaji walioko Uingereza na Umoja wa Ulaya, Google imetaka tangu Januari 2024 kwamba tovuti inayotumia taarifa zao binafsi kuwachagulia matangazo iwaombe ridhaa kwa mfumo ambao Google imeuidhinisha.

Kujibofyia matangazo, au kuwaomba ndugu na jamaa wayabofye, ni kukaribisha kufungiwa akaunti.

Kwa maoni yangu, blogu ya ukubwa huu ingebaki na tangazo moja katika kila ukurasa, au isiwe nalo kabisa. Dola 8 hazilingani na usumbufu huo.

Makala ya kulipiwa

Sasa tuseme kampuni inayototolesha vifaranga inamwandikia mwenye blogu. Inamwahidi shilingi 200,000 za Tanzania kwa makala moja itakayowasifu vifaranga wake. Ina masharti matatu: makala imekwisha andikwa na kampuni, isitajwe kuwa imelipiwa, na kiungo cha kwenda kwenye tovuti yake kiachwe kama viungo vingine.

Shilingi 200,000 ni mara nyingi zaidi ya mapato ya mwezi ya AdSense, na si rahisi kuzikataa. Lakini kila sharti kati ya hayo linamwondolea msomaji kitu.

Tuanze na kuficha malipo. Marekani, mwongozo wa Tume ya Biashara uliorekebishwa mwaka 2009 ulitamka wazi kwamba hata wanablogu wanapaswa kueleza uhusiano wao na kampuni wanayoisifu, iwe wamelipwa fedha au wamepewa bidhaa bure. Uingereza nayo hutaka tangazo litambulikane kuwa ni tangazo. Kwa blogu inayosomwa Minneapolis na Manchester, hicho ni kipimo kinachofaa kufuatwa hata kama mwenyewe yuko Morogoro.

Namna ya kusema ina uzito wake. Maneno kama "tunaishukuru kampuni fulani" hayamwelezi msomaji kwamba kuna fedha zilizotolewa, na sentensi iliyowekwa mwishoni humfikia akiwa amekwisha kushawishika. Inayofaa hukaa juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza, kwa mfano: "Hili ni tangazo. Kampuni imetulipa ili tuandike habari za vifaranga wake. Haikuisoma makala hii kabla ya kuchapishwa."

Kiungo nacho kina taratibu zake. Google huvihesabu viungo kama aina ya kura ya kuiunga mkono tovuti, na kuuza kura hizo ni kuvunja kanuni zake. Blogu ikigunduliwa inaweza kushushwa katika matokeo ya utafutaji, na huko ndiko wasomaji wengi wapya hutokea. Tangu mwaka 2019 Google imetambua alama maalumu ya kiungo kilicholipiwa, nayo huandikwa hivi:

```
<a href="https://example.com" rel="sponsored">Tovuti ya kampuni</a>
```

Msomaji haoni tofauti yoyote, bali Google huelewa kwamba hiyo si kura. Kampuni inayokuja kutafuta wateja haitajali. Inayokataa alama hiyo kwa nguvu zote huwa inanunua kura, na wasomaji si haja yake. Ndivyo zilivyo barua pepe nyingi kutoka kwa wageni wanaotoa dola chache ili kiungo cha kampuni ya kamari kiingizwe katika makala ya zamani. Hizo zifutwe.

Lililo gumu zaidi ni makala iliyoandikwa na kampuni. Hapa mwenye blogu hana budi kurudi kwenye taaluma yake. Vifaranga walichanjwa dhidi ya mareksi siku walipoanguliwa, au la? Husafirishwa kwa muda gani, na wakifa njiani nani hubeba hasara? Awatembelee watotoleshaji hao, aulize mwenyewe, aandike mwenyewe, na aseme pia lililo pungufu.

Kampuni huenda ikapunguza malipo hadi shilingi 120,000, au ikaondoka. Ikiondoka, blogu imepoteza shilingi 200,000. Ingekubali masharti yote, halafu wasomaji watano wakanunua vifaranga mia mia wasiochanjwa, blogu ingepoteza sababu ya kuwepo kwake, kwani habari za vifaranga waliokufa husambaa katika makundi ya WhatsApp ya wafugaji kabla jua halijazama.

Kijitabu cha kuuza

Mwenye blogu huyu anayo hazina ambayo pengine hajaitambua, nayo ni maswali anayoandikiwa. Akiyapanga ya mwaka mmoja ataona mengi yanarudia jambo lile lile: nitahitaji fedha kiasi gani, na lini?

Anaweza kutengeneza kijitabu cha PDF cha kurasa 30 pamoja na jedwali la hesabu. Ndani yake kuwe na bajeti ya vifaranga 100 tangu siku ya kwanza hadi kuuzwa, ratiba ya chanjo za kideri, gumboro na ndui, na kiasi cha chakula kwa kila wiki. Akiuze kwa shilingi 10,000. Mnunuzi alipe kwa simu, kisha atumiwe faili kwa WhatsApp au barua pepe.

Wakinunua watu 20 kwa mwezi, yaani mmoja kati ya kila wasomaji 200, mapato ni shilingi 200,000 kabla ya makato ya miamala. Ni sawa na zile za kampuni ya vifaranga, na hakuna aliyefichwa kitu.

Hata hapa imani inaweza kuvunjika. Kosa la kawaida ni kuzichukua makala zilizokuwa bure na kuzifungia ndani ya kijitabu. Dalili za magonjwa na jinsi ya kuyakinga zibaki wazi kwa kila mtu. Kinachouzwa ni kazi ya kupanga na kukokotoa, ambayo msomaji angeweza kuifanya mwenyewe lakini anapendelea kuokoa muda wake.

Bei za vyakula hubadilika, kwa hiyo ukurasa wa kwanza uonyeshe mwezi na mwaka zilipokusanywa, na aliyenunua atumiwe toleo jipya bila malipo. Asiyeridhika ndani ya wiki mbili arudishiwe fedha zake. Kijitabu kitasambazwa bure na baadhi ya wanunuzi, hilo halizuiliki. Toleo jipya na haki ya kuuliza maswali viwe vya aliyelipa tu.

Njia hii ina mipaka. Hufaa pale msomaji anapokuwa na kazi mahususi ya kufanya. Blogu ya mashairi au ya maoni ya kisiasa haitapata wanunuzi kwa urahisi huo. Sheria nazo ziangaliwe: Tanzania ilianza kuwataka wenye blogu wawe na leseni mwaka 2018, na kanuni zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo, hivyo aulizwe msimamizi, TCRA, kabla ya biashara kuanza.

Kinachopaswa kutazamwa kila mwezi si mapato peke yake. Takwimu za blogu huonyesha ni wageni wangapi waliwahi kufika kabla. Iwapo walikuwa 40 katika kila 100 na sasa ni 25, huku maswali ya wasomaji yakipungua na mengine yakianza kwa "je, hapa umelipwa?", makala za kulipiwa zisimamishwe kwa miezi mitatu, kisha hesabu hiyo itazamwe tena.